Shajara ya mradi: kuupa sauti wasifu mfupi wa fundi samani

4 Februari. Wasifu ulionifikia

Fundi mmoja anayekarabati samani kuukuu anatakiwa kupeleka wasifu wake kwa waandaaji wa maonyesho ya kazi za mikono. Utachapishwa katika kijitabu, chini ya picha yake, na haupaswi kuzidi maneno 70. Aliandika mwenyewe, akausoma, akasema umekaa kama maiti. Akaniletea nione kama unaweza kuamka. Nauweka hapa kama ulivyo, kwa sababu kazi yote inayofuata inaurejea.

> Yeye ni fundi mwenye uzoefu wa miaka 19 katika urekebishaji wa samani. Amefanya kazi na wateja mbalimbali binafsi pamoja na taasisi za umma. Ana ujuzi mkubwa katika matumizi ya mbao za aina tofauti. Amekuwa akijihusisha na utoaji wa mafunzo kwa vijana wanaotaka kujifunza ufundi. Anapenda kuhakikisha kwamba kila kazi inafanyika kwa ubora unaotakiwa na mteja. Pia anafurahia kusoma vitabu na kusafiri sehemu mbalimbali anapopata muda.

Hauna kosa la sarufi wala uongo, na maneno ni 65, kwa hiyo hata nafasi haikuzidi. Bado ukiusoma mara moja na kuufunika, hubaki na chochote isipokuwa labda ile 19.

Kabla ya kugusa neno niliufanyia jaribio moja ambalo nawashauri wote wanaofuata kazi hii waanze nalo. Nilibadilisha maneno mawili tu, na upatanisho unaoyafuata: "samani" nikaweka "saa", na "mbao" nikaweka "vyuma". Wasifu ukasimama vilevile, safari hii ukiwa wa fundi saa. Nikaweka "mabomba" na "vifaa", ukawa wa fundi bomba. Wasifu unaoweza kuhamishwa namna hiyo kutoka kwa mtu hadi mtu hauna mwenyewe, na hapo ndipo ubapa wake unapoanzia. Lakini jaribio hilo linaonyesha tu kwamba kuna ugonjwa, halisemi uko wapi.

6 Februari. Kutafuta ugonjwa uko wapi

Nimeandika kila sentensi kwenye mstari wake na kuhesabu maneno. Zimetoka 12, 11, 10, 11, 11 na 10. Ukitazama ukingo wa kulia wa karatasi, mistari inakomea karibu mahali pamoja, na hicho ndicho sikio linachokisikia bila kujua jina lake: pumzi ileile, kituo kilekile, mara sita.

Kulikuwa na jambo jingine ukingo wa kushoto, na hilo kwa Kiswahili ni gumu zaidi kulikwepa. Tazama sentensi zinavyoanza: Yeye, Amefanya, Ana, Amekuwa, Anapenda, Pia anafurahia. Lugha yetu humfunga mtendaji ndani ya kitenzi, na mtendaji wa wasifu ni mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mwandishi asipojihadhari, kila sentensi itafunguka kwa A. Kuhamia nafsi ya kwanza hakusaidii, kwani A zinageuka kuwa Ni: Nimefanya, Nina, Nimekuwa, Ninapenda. Ukuta ni uleule, umepakwa rangi nyingine tu.

Kisha nikapigia mstari vitenzi. Ni, amefanya, ana, amekuwa akijihusisha, anapenda kuhakikisha, anafurahia. Katika vyote hivyo hakuna hata kimoja kinachomwonyesha fundi akiwa na kifaa mkononi. Vitendo vyenyewe vipo, ila vimefungiwa ndani ya majina: urekebishaji, matumizi, utoaji wa mafunzo. Kitenzi kikishageuzwa jina, huhitaji kitenzi kingine cha kukibeba, na kinachopatikana kwa urahisi ni kile kisicho na uzito, yaani kujihusisha, kufanya, kuhakikisha. "Amekuwa akijihusisha na utoaji wa mafunzo" ni maneno sita yanayosema "hufundisha".

Kwa hiyo magonjwa ni mawili, urefu na vitenzi. Niliamua kutibu kimoja kimoja, kila kimoja peke yake, ili nijue dawa ipi imefanya nini.

9 Februari. Urefu peke yake: umeshindwa

Niliacha vitenzi kama vilivyo nikacheza na urefu tu.

> Ni fundi. Amekuwa katika urekebishaji wa samani kwa miaka 19, akifanya kazi na wateja binafsi pamoja na taasisi za umma na kutumia mbao za aina tofauti. Ana ujuzi. Amekuwa pia akijihusisha na utoaji wa mafunzo kwa vijana wanaotaka kujifunza ufundi.

Hesabu ni 2, 24, 2, 12. Kwenye karatasi tofauti inaonekana wazi. Masikioni ni mbaya kuliko asili. "Ni fundi" na "Ana ujuzi" ni sentensi fupi zisizobeba habari, na sentensi fupi ina tabia ya kumfanya msomaji asimame. Amesimama, ametazama, hakuna kitu. Katika wasifu wa mwanzo maneno hayo matupu yalikuwa yamefichwa na urefu. Nilipoyaweka peke yake yakaanikwa.

Na ile ndefu ya maneno 24 nayo si ndefu kwa sababu ya jambo lolote. Ni sentensi fupi tatu zilizounganishwa kwa "akifanya" na "na". Ukiikata popote haitoki damu.

Nilichokipata hapa ni kwamba urefu hauwezi kupangwa kabla ya kujua sentensi itabeba nini. Ufupi unafaa pale ambapo jambo ni moja na ni zito. Urefu unafaa pale ambapo mambo yamefuatana au yamerundikana kikweli, na msomaji anahitaji kuyaona yakiwa pamoja. Bila habari za namna hiyo mkononi, kukata na kuunganisha ni kusogeza vipande visivyo na uzito. Gharama ya jaribio hili ilikuwa jioni nzima, na sehemu ya habari za fundi iliachwa nje bila faida.

12 Februari. Vitenzi peke yake: umeshindwa zaidi

Safari hii niliacha urefu nikatafuta vitenzi vyenye rangi. Nilifungua kamusi, nikaorodhesha vilivyonivutia, nikavipandikiza. Sehemu ya matokeo ni hii:

> Huzipulizia uhai mbao zilizokufa, hupambana na uchakavu, huamsha uzuri uliolala na kuwasha moto wa ubunifu katika mioyo ya vijana.

Nilimsomea fundi kwa simu. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema: "Ndugu yangu, huyo si mimi. Mimi sipambani na ubao. Nikipambana nao, unapasuka."

Jibu lake lilinifaa kuliko kamusi. Vitenzi hivyo vina kelele, lakini hakuna hata kimoja ambacho mkono wa fundi samani umewahi kukifanya. Kupulizia uhai, kuamsha, kuwasha: havina kifaa wala mahali. Ukivirudisha kwenye jaribio la 4 Februari, mwalimu, mhubiri na muuza manukato wote wanaweza kuvitumia. Kwa hiyo ni vile vile vya "kuhakikisha", ila vimevaa nguo za sherehe.

Kuanzia hapo nimetumia kigezo kimoja cha kuchagua kitenzi. Nikikisikia peke yake, je, naweza kukisia kifaa kilicho mkononi au mwendo wa mkono wenyewe? "Kurekebisha" hakinionyeshi kitu. "Kukwangua" kinanionyesha patasi na vumbi. "Kubandua" kinanionyesha kucha zikitafuta ukingo. Kitenzi chenye uhai si lazima kiwe cha nadra wala cha kishairi, na mara nyingi ni kile ambacho mafundi wenyewe hukitumia wakiitana wakati wa kazi.

17 Februari. Kuvuna vitenzi kutoka kwenye kazi yenyewe

Nilimwomba fundi anisimulie kiti kimoja tu, cha mwisho alichokikabidhi, tangu kilipoingia hadi kilipotoka. Sikumuuliza anajivunia nini wala falsafa yake ni ipi, kwa kuwa maswali ya aina hiyo ndiyo yanayozaa "ubora" na "uzoefu". Niliandika vitenzi tu na majina ya vitu. Alipotumia kitenzi kitupu, nilimkatiza: ulikirekebisha vipi, kwa nini, mkono ulikuwa wapi?

Alikipindua kwanza, kabla ya kukitazama kwa mbele. Niliuliza kwa nini. Akasema mbele kiti hudanganya. Chini ndiko ukweli uliko, kwa sababu hakuna anayepiga rangi chini. Huko alikuta misumari mitatu iliyopigiliwa kwenye kiungo ambacho asili yake kilishikwa na gundi. Msumari ukipita kwenye ulimi wa kiungo, ile ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la mwenzake, huupasua kwa urefu, na baada ya hapo kila anayekaa anaupanua ule ufa. Akaing'oa. Akachomoa vipande vya mbao vilivyochomekwa kuziba mwanya. Gundi ya zamani, iliyotengenezwa kwa ngozi ya wanyama, aliilainisha kwa unyevu na joto, kwa sababu gundi ya aina hiyo hulegea ikipata maji ya moto. Akafumua viungo kimoja kimoja, akavitia namba kwa chaki, akakwangua mabaki. Hapo ndipo alipoanza kuunga: gundi mpya, jiriwa, kusubiri.

Niliporudi na orodha niliona jambo ambalo fundi hakulisema wala mimi sikulitegemea. Vitenzi vyake vingi ni vya kuondoa: kung'oa, kuchomoa, kubandua, kufumua, kukwangua. Vya kujenga vilikuwa vichache na vilikuja mwishoni kabisa. Nikampigia kumuuliza kama kweli kazi yake kubwa ni kuondoa kazi za wengine. Akasema ndiyo, kwani viti vingi vinavyomfikia havikuuawa na umri, viliuawa na watu waliojaribu kuvitengeneza.

Hiyo ndiyo habari ya wasifu. Ilikuwa imelala kwenye orodha ya vitenzi, na hakuna sifa hata moja katika ule wasifu wa mwanzo ambayo ingenifikisha kwake.

Gharama: mazungumzo marefu, na daftari lenye maneno mara nyingi zaidi ya yale 70 yanayoruhusiwa. Sijui njia ya mkato hapa. Anayejiandikia mwenyewe afanye vivyo hivyo kwa kumsimulia mtu mwingine kazi moja, huku akijirekodi, kwa sababu tukishika kalamu wengi wetu hurudi moja kwa moja kwenye "kujihusisha".

20 Februari. Vyote viwili pamoja, na tatizo jipya

Sasa nina vitenzi na nina habari. Nikaandika:

> Hung'oa misumari iliyopigiliwa na mafundi waliotangulia bila kujali kwamba msumari hupasua ulimi wa kiungo na kukidhoofisha kiti kizima. Hana haraka. Hukwangua gundi ya zamani kwa patasi butu, polepole, mpaka ubao wenyewe uonekane na uwe tayari kupokea gundi mpya. Ndivyo anavyopenda. Huwafundisha vijana kufumua kwanza kila kiungo na kupanga vipande vyote mezani kwa mpangilio wake kabla ya kugusa randa. Hawalalamiki.

Ni bora kuliko yote yaliyotangulia. Fundi alisema huyu anamfahamu. Lakini niliposoma kwa sauti nilisikia kitu kinanivuta kulia na kushoto. Hesabu ikaeleza: 18, 2, 18, 2, 18, 1. Ndefu, fupi, ndefu, fupi, kama pendulamu ya saa. Kufikia sentensi ya nne msomaji ameshajua kinachokuja, na mpangilio unaotabirika hulaza hata kama urefu unatofautiana. Kumbe kutofautisha urefu si kupokezana tu.

Zile fupi ndizo zilizonitia shaka zaidi. Nilizifunika zote tatu kwa kidole na kusoma tena. Hakuna kilichopotea. "Hana haraka" imeshasemwa na "polepole". "Ndivyo anavyopenda" ni sauti tupu, na "Hawalalamiki" nililiweka kwa sababu aya ilitaka kufungwa kwa kishindo, si kwa sababu nilijua vijana wanalalamika au hawalalamiki. Kwa kweli sikumuuliza. Mdundo ulikuwa umeanza kuzua habari, na hiyo ni hatari inayostahili kuangaliwa na kila anayefanya kazi hii: sentensi fupi inayosikika vizuri hupita bila kukaguliwa.

Kisha ukingo wa kushoto: Hung'oa, Hukwangua, Huwafundisha. Nilibomoa ukuta wa A nikajenga wa Hu.

24 Februari. Rasimu iliyosimama

> Kiti kibovu kikiletwa kwake, hukipindua kwanza. Huko chini ndiko mafundi waliotangulia walikoacha makosa yao: misumari iliyopasua ulimi wa kiungo, gundi iliyomwagwa juu ya gundi, kibao kilichopachikwa ili kuficha ufa. Huyang'oa yote. Kutengeneza huja baadaye, na kwa miaka 19 sasa amewatengenezea hivyo watu binafsi na taasisi za umma. Vijana anaowafundisha humaliza wiki za mwanzo bila kugusa randa: hufumua, hukwangua, hupanga vipande mezani.

Maneno 61, pungufu ya ule wa mwanzo kwa manne. Hesabu ya sentensi ni 6, 23, 2, 16, 14. Naeleza jinsi kila moja ilivyopata urefu wake, kwa sababu hapo ndipo anayetaka kunakili anaweza kunakili.

Ya kwanza ni fupi kwa kuwa ina tendo moja, nalo linashangaza kidogo: anakipindua kabla ya kukitazama. Kitenzi kimewekwa karibu na mwisho, nafasi ambayo Kiswahili huipa uzito. Kiti nacho kimeshikwa ndani ya kitenzi, kwa ile "ki", kwa hiyo sikuhitaji kukitaja mara ya pili.

Ya pili ni ndefu kwa sababu inarundika, na makosa yenyewe yamerundikana chini ya kiti. Nilijaribu kuikata kuwa sentensi tatu, kila kosa lake. Ilikuwa safi zaidi lakini dhaifu, maana msomaji hakupata ule uchovu kidogo wa kusema "bado kuna jingine?" ambao ndio unaoipa nguvu sentensi inayofuata.

"Huyang'oa yote" ni maneno mawili, na yamepata haki ya kuwa mawili kutokana na yale 23 yaliyotangulia. Ndiyo tofauti kati yake na "Hana haraka" ya tarehe 20. Ukiifunika hii kwa kidole, aya inavunjika, kwa sababu hujui makosa yalifanywa nini. Kwa fundi mwenyewe, gundi haing'olewi, hukwanguliwa. Nilimuuliza kama inamkera. Akasema makosa hung'olewa, basi iache.

Ya nne imerudi kwenye urefu wa kawaida na vitenzi vya kawaida, makusudi. Ndiyo inayobeba habari kavu ambazo waandaaji wanazihitaji: miaka 19, watu binafsi, taasisi za umma. Nilijaribu kuipamba, nikaona inashindana na jirani zake. Vitenzi vyenye uhai vinahitaji kukaa kati ya vilivyotulia, la sivyo kila kimoja kinamziba mwenzake. Hapa pia ndipo mahali pekee nilipoiacha "-me-", katika "amewatengenezea". Kiambishi hicho huripoti jambo lililokwisha na matokeo yake kubaki, na miaka 19 ya kazi ni hesabu ya namna hiyo. Tatizo la wasifu wa mwanzo halikuwa "-me-" yenyewe, lilikuwa kuitumia hata pale tunapotaka kumwona mtu akiwa katikati ya kazi. Huko "hu-" inafaa zaidi, kwa maana inasema ndivyo afanyavyo kila mara.

Ya tano inafungua kwa vijana badala ya fundi. Ukingo wa kushoto sasa unasomeka Kiti, Huko, Huyang'oa, Kutengeneza, Vijana. Dawa haikuwa kutafuta visawe vya "yeye". Ilikuwa kutanguliza kitu kingine kilichomo kwenye tukio: kile kinachotendewa, mahali, au watu wengine. Fundi hajatajwa kwa jina wala kwa cheo mahali popote, lakini yumo ndani ya karibu kila sentensi.

Tahadhari moja kuhusu kuhesabu. Maneno ya Kiswahili hayalingani kwa pumzi. "Amewatengenezea" ni neno moja lenye silabi nane. "Yeye ni fundi mwenye" ni maneno manne yenye silabi saba. Kwa hiyo idadi ya maneno itakuonyesha umbo kwa mbali tu. Baada ya kuhesabu, soma kwa sauti na weka alama kila unapovuta hewa. Kwenye rasimu hii nilivuta hewa mara mbili ndani ya sentensi ya pili, na sikuvuta kabisa kati ya mwisho wake na "Huyang'oa yote".

Kilichoachwa nje ni ujuzi wa mbao za aina tofauti, ubora unaotakiwa na mteja, vitabu na safari. Fundi alihuzunika kidogo kwa vitabu. Nilimwambia tungevirudisha kama kuna kitabu kinachohusiana na viti, akafikiri, akasema hakuna.

27 Februari. Msomaji asiyemjua

Nilimpa rasimu jirani asiyemfahamu fundi, bila picha na bila kichwa. Baada ya saa moja nikamuuliza anakumbuka nini. Alikumbuka kupindua kiti, kung'oa misumari, na vijana wasioruhusiwa kushika randa. Miaka 19 hakuikumbuka. Alisema "ni mtu wa siku nyingi", na hilo linatosha.

Lakini aliuliza: ni fundi wa kutengeneza viti vipya au vya zamani? Na je, ni viti tu? Ana haki. Rasimu inaingia kwenye tukio moja kwa moja na kudhani kwamba msomaji ameshaambiwa ni nani. Kwenye kijitabu chini ya jina kutakuwa na mstari unaosema "Fundi wa kukarabati samani kuukuu", kwa hiyo hapo hakuna shida. Pasipo na mstari wa namna hiyo, sentensi ya kwanza lazima ibebe kazi hiyo:

> Fundi huyu wa samani kuukuu, akiletewa kiti kibovu, hukipindua kwanza.

Maneno kumi badala ya sita. Imepoteza wepesi kidogo, na nadhani bei hiyo ni halali. Msomaji asiyejua anasoma habari za nani hawezi kufurahia mdundo wowote. Toleo la kijitabu limebaki na maneno sita. Hili la kumi fundi atalitumia mahali pengine.

6 Machi. Jaribio kwa mtu asiyeshika patasi

Pingamizi nililopewa na rafiki mhasibu lilikuwa la haki: fundi samani ana bahati, vitenzi vyake vyote vina vumbi. Yeye hukaa mbele ya skrini. Atapindua nini?

Nilimfanyia vilevile, yaani anisimulie mwisho wa mwezi mmoja tu. Alinieleza jinsi anavyolinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kwanza hushuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, mathalani 54 iliyoandikwa 45. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba tofauti kubwa haimsumbui kama ndogo, kwani ndogo huenda ni makosa mawili makubwa yaliyofutana. Nikaandika:

> Tofauti kubwa hujionyesha. Ndogo ndiyo anayoifukuzia, mstari kwa mstari, kwa sababu huenda ni makosa mawili makubwa yaliyofutana njiani.

Kitenzi chenye uhai ni kimoja, kufukuzia, na alikitumia mwenyewe. "Hujionyesha" ni kitulivu. Kwa kazi ya mezani naona kimoja kinatosha kwa kila sentensi mbili au tatu. Alipojaribu kuongeza "huchimbua" na "hunasa", alianza kusikika kama mpelelezi, na wateja wake hawataki kuhisi wanapelelezwa.

Kikomo kilijitokeza haraka. Wasifu huohuo ulitakiwa pia kwenye maombi ya zabuni, ambako msomaji ana fomu na anatafuta vyeti, miaka na aina za hesabu alizokagua. Huko tuliacha sentensi zinazolingana na vitenzi vitupu, kwa sababu msomaji yule hasomi, anatafuta, na mistari inayofanana humsaidia kupata anachokitaka. Sentensi zile mbili zilibaki kwenye ukurasa wake wa kujitambulisha kwa wateja.

10 Machi. Toleo dogo, na hali ilivyo sasa

Waandaaji wameomba pia toleo la kadi ya mezani, lisilozidi maneno 20. Nilidhani ingekuwa kukata tu. Kukata kulirudisha ule wasifu wa mwanzo kwa njia ya mlango wa nyuma, kwani vinavyoonekana vya lazima nafasi ikibana ni cheo na miaka, na vitenzi ndivyo hutupwa kwanza. Nilianza upya kutoka kwenye vitenzi viwili ambavyo jirani alivikumbuka.

> Fundi wa samani kuukuu. Kiti kibovu kikiletwa, hukipindua kwanza, huyang'oa makosa ya waliotangulia, ndipo hutengeneza. Miaka 19 sasa.

Ni 4, 11, 3, jumla 18. Vijana wameachwa. "Miaka 19 sasa" ilikuwa mwanzoni, nikaihamishia mwisho, kwani ikitangulia inasomeka kama sifa na ikifuata inasomeka kama hesabu ya viti vyote hivyo. Fundi ameidhinisha matoleo yote mawili, kwa sharti moja: "mafundi waliotangulia" libaki bila jina la mtu wala duka, maana baadhi yao bado ni majirani zake. Limebaki hivyo. Kijitabu kimeshakwenda kupigwa chapa.